Pesa za chama hazikatwi: Neno ‘mradi’ lilivyopotea katika masharti ya apu

MHAZINI wa chama kimoja cha akina mama mtaani Munyaka, mjini Eldoret, alininyoshea simu yake kabla hata sijaketi. “Mwalimu, hebu soma mwenyewe. Imeandikwa hazikatwi. Na si wamekata!”

Nilisoma. Kwenye skrini palikuwa na masharti ya matumizi ya apu ndogo ya pesa ambayo chama hicho hutumia kukusanyia michango. Kwa Kiswahili chepesi, tena kisicho na kosa la sarufi, yalisema: “Ukichelewa kulipa mkopo wa mwezi mmoja, tutatoza asilimia 5 na kukata pesa zinazoingia kwenye akaunti yako. Pesa za chama hazikatwi.”

Mama huyu huuza mboga. Alikuwa amekopa shilingi 6,000 kwa jina lake mwenyewe, akalipa 2,000, akachelewa kulipa zile 4,000 zilizosalia. Hilo hakulikana. Kilichomuudhi ni kwamba Jumamosi wanachama 14 walimtumia shilingi 500 kila mmoja, jumla 7,000, na kabla hajamkabidhi mwenye zamu, apu ikakata 4,200. Zikabaki 2,800. Mwenye zamu alikuwa amezipangia karo ya mtoto, na nilipofika pale wenzake wawili walikuwa tayari wanamtazama mhazini kwa jicho la pembe.

Jambo la kukatwa pesa zinapoingia si geni kwa Mkenya. Tangu Fuliza ianzishwe mwaka wa 2019, watu wengi wamezoea kuona pesa iliyotumwa ikilipa deni kwanza. Mama huyu alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana kabla ya kuuingiza mzunguko wa chama katika apu, alitafuta mahali palipoandikwa kuwa pesa za chama haziguswi, akapapata, akatulia. Kwa hivyo tusimlaumu kwa kutosoma. Alisoma. Alichosoma ndicho kilichomponza.

Wenye apu ni vijana wa papo hapo mjini, nao hawakukusudia kumdanganya mtu. Nilipowafuata walinionyesha toleo la Kiingereza lililoandikwa na wakili. Kifungu chenyewe ni sentensi moja ndefu. Ninaitafsiri hapa bila kuirahisisha hata kidogo:

“Mkopo utalipwa kikamilifu ndani ya siku thelathini tangu tarehe ya kutolewa, iwapo kiasi chochote kitakuwa hakijalipwa baada ya muda huo, Kampuni inaweza kutoza ada ya asilimia 5 ya kiasi kilichosalia, mara moja tu, na inaweza kukata deni hilo kutoka kwa pesa zozote zitakazoingia katika akaunti ya Mteja, isipokuwa pesa zinazoshikiliwa na Mteja kwa niaba ya chama, mradi Mteja ameijulisha Kampuni kwa maandishi kabla ya pesa hizo kuingia.”

Tazama mwisho wake. Pesa za chama hazikatwi, lakini kinga hiyo ina mlango, na ufunguo wa mlango ni taarifa ya maandishi iliyotangulia. Kijana aliyerahisisha alibakiza kinga, akatupa ufunguo. Nilipomuuliza sababu alisema, “Prof, hiyo sehemu ilikuwa inafanya sentensi iwe ndefu.”

Kulikuwa na jingine. Toleo la Kiingereza lilikuwa na kifungu cha mwisho kinachosema kuwa matoleo yakitofautiana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Katika toleo la Kiswahili kifungu hicho hakikuwamo. Yaani msomaji wa Kiswahili hakuwahi kuambiwa kwamba anachokisoma si mkataba wenyewe. Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa au huduma. Mahakama zinazofuata desturi ya sheria ya Kiingereza, zetu zikiwamo, zina kanuni ya kale kuwa maneno yenye utata husomwa dhidi ya aliyeyaandika. Hata hivyo, nani atakwenda kortini kwa sababu ya shilingi 4,200 wakati Jumamosi nyingine inabisha hodi?

Niliwaambia vijana wale kwamba kurahisisha maandishi yanayofunga ni kazi ya kuhesabu kabla ya kuwa kazi ya kuandika. Tuliichukua ile sentensi tukaivunja, na kila tulipokutana na kitu ambacho kikiondolewa mtu atalipa zaidi, atalipa kidogo, atalipa mapema au hatalipa, tukakipa nambari. Deni lote lilipwe: moja. Ndani ya siku 30: mbili. Zihesabiwe tangu tarehe ya kutolewa: tatu. Zikipita, kampuni ina hiari ya kutoza ada ya asilimia 5: nne. Asilimia hiyo ni ya kilichosalia, si ya mkopo mzima: tano. Hutozwa mara moja tu: sita. Kampuni ina hiari ya kukata pesa zozote zinazoingia: saba. Isipokuwa pesa za chama: nane. Mradi imejulishwa kwa maandishi: tisa. Na taarifa iwe imetangulia: kumi.

Kisha tukaliweka toleo lao rahisi kando ya orodha hiyo. Kati ya masharti kumi, ni manne tu yaliyokuwamo kwa namna inayotambulika, na hata hayo mengine yalikuwa yamekunjwa. Kumbe hata “mara moja tu”, sharti ambalo linamfaa mteja, lilikuwa limetupwa. Asilimia 5 ya kitu gani? Haikusemwa. Ikichukuliwa kuwa ya mkopo mzima wa 6,000, ada ni 300. Ikiwa ya kilichosalia, yaani 4,000, ni 200. Mama alikatwa 200, kwa hivyo mashine ilifuata Kiingereza. Lakini kama ingemkata 300, Kiswahili chake kisingemsaidia kubisha.

Sasa tuingie katika maneno, maana huko ndiko mwanaisimu anakolipwa mshahara. La kwanza ni “mwezi”. Aliyerahisisha aliona “siku thelathini” akaandika “mwezi mmoja”, kama sote tunavyosema mdomoni. Mkopo uliochukuliwa tarehe 3 Julai, kwa hesabu ya siku 30, unakwisha muda wake tarehe 2 Agosti. Kwa hesabu ya mwezi, msomaji atasubiri hadi tarehe 3 Agosti, na asubuhi hiyo atakuta ameshatozwa. Februari mambo hugeuka: mkopo wa tarehe 3 Februari, mwaka usio mrefu, unafika tarehe 5 Machi kwa siku 30, lakini tarehe 3 Machi kwa mwezi. Neno moja linalosikika sawa humwonea mteja Julai na kumhimiza bure Februari.

La pili ni “inaweza”. Kiswahili hukitwika kitenzi hiki mizigo miwili, uwezo na ruhusa, na msikilizaji huchagua kwa kutazama mazingira. Mwandishi wa toleo rahisi aliuepuka utata huo kwa kuandika “tutatoza”, hivyo akaigeuza hiari kuwa ahadi. Sisi tulijaribu kwanza kurudisha “tunaweza kutoza”. Nilimsomea mama mmoja wa chama, akacheka: “Wanaweza, lakini mimi hawatanitoza, tunajuana.” Alisikia uwezo tu, kama vile mtu anavyoweza kuinua gunia la viazi lakini haliinui. Mwishowe tulitua kwenye “tuna haki ya kutoza”. Si Kiswahili kitamu, nakiri, lakini hakuna aliyekisikia kama maneno ya jirani.

La tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Katika rasimu yetu ya kwanza nilibakiza “mradi”, kwa kuwa kwangu mimi hilo ndilo neno hasa la kufungia sharti nyuma ya ruhusa: utakwenda mradi umalize kazi. Nilijisifu kimoyomoyo kwa kulinda Kiswahili sanifu. Basi tukawaketisha akina mama saba wa Munyaka, mmoja mmoja, kila mmoja na karatasi yake. Wanne wakaniuliza ni mradi gani huo. Mradi wa maji? Mradi wa kuku? Katika mazingira ya chama, mradi ni biashara ya pamoja. Sentensi yangu “pesa za chama hazikatwi, mradi umetuandikia” mmoja aliielewa hivi: pesa za chama hazikatwi, na mradi nao umeandikishwa. Sharti lilikuwapo kwenye karatasi herufi kwa herufi, lakini halikufika kwa msomaji. Kuna tofauti gani basi kati yangu na kijana aliyelifuta?

Tulijaribu “maadamu”, nikaona nyuso zimenyamaza. “Endapo tu” lilikuwa afadhali. Lililofaulu ni kuugeuza mpangilio: badala ya kutoa ruhusa kisha kuiwekea sharti mkiani, tulitanguliza kitendo anachotakiwa kukifanya msomaji, tukamaliza kwa kusema yatakayotokea asipokifanya. Msomaji anayeona “hazikatwi” kwanza huwa amepata alichokitafuta, na jicho lake huondoka hapo. Yule mhazini angeweza kuondoka hivyo hivyo hata kama sharti lingekuwamo.

Hapa niseme kitu kuhusu jinsi ya kupima. Usimuulize mtu “umeelewa?” Atajibu ndiyo, kwa adabu tu, hasa akiulizwa na profesa mwenye mvi. Tuliwapa kisa chenye tarehe na pesa, kisha tukawauliza hesabu. Mkopo umetolewa tarehe 3 Julai. Siku ya mwisho ni ipi? Deni lililobaki ni 4,000. Jumla utakayodaiwa ni ngapi? Mwezi unaofuata bado hujalipa. Ada itaongezwa tena? Chama kimekutumia 7,000 leo, nawe umeiandikia kampuni leo jioni. Pesa ni salama? Kila swali lililenga nambari moja au mbili katika ile orodha ya kumi. Wasomaji kadhaa wakikosa swali lile lile, kosa ni la sentensi, si lao.

Swali la kwanza ndilo lililotuletea taabu. Wengine walisema tarehe 1 Agosti, wengine tarehe 2. Waliosema tarehe 1 walikuwa wameihesabu siku ya kupokea mkopo kuwa siku ya kwanza. Nilirudi kwa Kiingereza nikitarajia jibu, nikakuta hata chenyewe hakisemi. Kinasema “tangu tarehe ya kutolewa” tu. Katika kusoma sheria zilizoandikwa hapa Kenya, sheria yetu ya ufasiri, yaani Sura ya 2, huiacha nje siku ya tukio, ila huu ulikuwa mkataba, si sheria ya Bunge. Nani aamue? Si mimi. Mrahisishaji akijaza pengo kwa hekima yake mwenyewe ameongeza sharti, na kuongeza ni kosa la ukoo mmoja na kupunguza. Tuliandika swali tukalipeleka kwa wakili. Alijibu kuwa siku ya kupokea haihesabiwi, akarekebisha na Kiingereza chake.

Tulimpelekea maswali matatu kwa jumla. La pili lilihusu “kwa maandishi”: je, ujumbe mfupi wa simu ni maandishi? Akina mama wote waliona ni maandishi, wakili alikuwa amefikiria barua. Kampuni ilikubali ujumbe unaotumwa ndani ya apu. La tatu lilikuwa kishawishi changu mwenyewe. Nilitaka kuandika kuwa kampuni itakata pesa “bila kukuuliza”, kwa sababu ndivyo inavyofanya na ndivyo watu wanavyosema. Lakini asili haikusema kama mteja ataulizwa au la. Wakili alikubali maneno hayo yaingie, na mimi nikafurahi, ila laiti ningeyaingiza kimyakimya, kampuni ingekuwa na haki mpya iliyotungwa na mwalimu wa Kiswahili.

Wapo watakaosema kuwa njia bora ni kufuta masharti mengine kabisa. Ni kweli, na imewahi kufanyika. Mwaka wa 1975 benki ya Citibank ya New York ilitoa hati mpya ya mkopo kwa lugha nyepesi, na hati hiyo ikawa mfano kwa wengi. Sehemu ya wepesi wake ilitokana na benki yenyewe kuamua kwamba baadhi ya masharti ya zamani haikuyahitaji. Aliyefuta ni mwenye mkataba, akiwa na mawakili wake, akijua anachokiacha. Kijana wetu wa Eldoret hakuwa na idhini hiyo, na kampuni haikuwa imeacha chochote: mashine iliendelea kukata kwa sharti ambalo Kiswahili kilikuwa kimelizika.

Hiki ndicho kifungu tulichokifikia:

“Je, utapokea pesa za chama kupitia akaunti hii? Tuandikie ujumbe ndani ya apu kabla pesa hizo hazijaingia. Ukituandikia kabla, hatutakata pesa za chama kulipa deni lako. Usipotuandikia kabla, tuna haki ya kuzikata.

Lipa mkopo wako wote ndani ya siku 30. Siku uliyopokea mkopo haihesabiwi. Kwa mfano, ukipokea mkopo tarehe 3 Julai, siku ya mwisho ni tarehe 2 Agosti.

Siku 30 zikipita na bado una deni, tuna haki ya kuongeza ada ya asilimia 5 ya deni lililobaki. Ada hii huongezwa mara moja tu. Kwa mfano, deni lililobaki likiwa 4,000, ada ni 200, utadaiwa 4,200.

Siku 30 zikipita, tuna haki pia ya kukata deni hilo, bila kukuuliza, kutoka kwa pesa zozote zinazoingia kwenye akaunti yako, isipokuwa pesa za chama ulizotuandikia kabla.”

Mwenye kalamu nyekundu na apitie nambari moja hadi kumi, zote zimo. Chini yake tuliongeza mstari unaosema kuwa matoleo yakitofautiana la Kiingereza litafuatwa, kwa sababu hilo nalo linafunga, ingawa nilibishana sana ili lisiwepo kabisa katika matoleo yote mawili. Nilishindwa. Vijana walilalamika kuwa kifungu kipya ni kirefu kuliko cha wakili na hakienei kwenye skrini moja. Ni kweli. Sentensi fupi huhitaji kurudia maneno ambayo sentensi ndefu huyarukia, na mifano ya hesabu ina nafasi yake. Kidole cha mteja kitateleza mara moja zaidi.

Rasimu hii niliwapa akina mama wengine, ambao hawakuwa wameziona za kwanza, kwa maana aliyekwisha kuelezwa jambo hapimiki tena. Swali la chama walilijibu wote sawa. La ada kuongezwa tena, mmoja alikosa. Kwake “mara moja” ilimaanisha papo hapo, bila kuchelewa. Alikuwa na haki, kwani neno hilo lina maana hiyo pia. Tulibadilisha ikawa: “Ada hii huongezwa mara moja tu kwa kila mkopo, hairudiwi.” Wakili aliulizwa tena kuhusu “kwa kila mkopo”, akasema ndivyo alivyokusudia.

Kampuni ilirudisha zile 4,200 za chama, ikaliacha deni pale pale kwa jina la mhazini, naye analilipa kidogo kidogo. Siku nilipopita Munyaka kumwonyesha kifungu kipya, alikisoma chote kwa sauti, akafungua sehemu ya ujumbe, akaandika kwamba pesa zinazoingia kila Jumamosi kutoka kwa wanachama ni za chama wala si zake. Akabonyeza, akapata jibu kuwa ujumbe umepokelewa. Kisha akaniangalia.

“Sasa mwalimu, hii nimeandika leo, ni ya Jumamosi zote ama nitakuwa naandika kila wiki?”

Nilikitazama tena kifungu chetu. “Kabla pesa hizo hazijaingia.” Pesa zipi? Nimempelekea wakili swali la tano.